Alama tatu chini ya A: tulipe karatasi zisahihishwe upya?

"Binti yangu amepata matokeo yake ya A-Level jana hapa Uingereza. Ili asomee ufamasia alitakiwa awe na A mbili na B moja. Amepata A ya Kemia, B ya Hisabati na B ya Biolojia. Biolojia ni ya bodi ya AQA: ana alama 173 kati ya 260, na mpaka wa A ni 176. Chuo chake cha kwanza kimemkataa, cha pili kimempokea. Shule inasema tukitaka karatasi zote tatu za Biolojia zisahihishwe upya kwa haraka ni karibu pauni 200. Shemeji yangu aliye Dar anasema tukate rufaa moja kwa moja kwa bodi, na kwamba alama hazishuki kamwe. Binti mwenyewe anaogopa. Tufanyeje?"

Mama, nianze na siku kabla ya pesa. Matokeo ya A-Level hutoka Alhamisi ya katikati ya Agosti, nawe umeniandikia Ijumaa. Dirisha la maombi ya haraka hufungwa takriban wiki moja baada ya matokeo, maana yake Alhamisi ijayo. Shule nyingi hujiwekea tarehe ya ndani iliyo mapema zaidi, Jumanne au Jumatano, ili karani wa mitihani asikimbizane na saa. Kwa hiyo mnazo siku mbili au tatu za kazi. Jumatatu asubuhi fanyeni mambo mawili tu: mwombeni afisa wa mitihani wa shule nakala za karatasi zote tatu za majibu, na bintiyo apige simu mwenyewe kwa idara ya udahili ya kile chuo cha kwanza. Sababu nitazieleza huku tukiendelea. Pauni 200 zisitoke mfukoni kwanza.

Shemeji yako ana nia njema, ila kwa Uingereza amekosea mara mbili. Bodi ya mitihani haizungumzi na mzazi wala na mwanafunzi wa shule. Ombi lolote kuhusu karatasi hupitia kituo alichofanyia mtihani, yaani shule au koleji yake, na hutumwa na afisa wa mitihani kupitia mfumo wa bodi. Ukipiga simu AQA watakusikiliza kwa adabu kisha watakurudisha shuleni. Rufaa nayo ipo, lakini ni hatua ya baadaye kabisa, ambayo huwezi kuifikia kabla karatasi haijakaguliwa kwanza.

Kosa la pili ni zito zaidi. Alama hushuka. Karatasi ikikaguliwa, inaweza kupanda, kubaki ilipo au kushuka, na gredi inaweza kufuata alama huko zilikokwenda. Hiyo ndiyo sababu shule hairuhusiwi kutuma ombi bila ridhaa ya maandishi ya mtahiniwa mwenyewe, na ridhaa hiyo lazima itolewe baada ya matokeo kutoka, isiwe fomu aliyotia saini Mei pamoja na makaratasi mengine. Wewe mama huwezi kumtilia saini. Pesa ni zako, lakini uamuzi ni wake, na akisema hataki, jambo limeishia hapo. Nimeona wazazi wakigombana na karani dirishani kwa hili, na karani hana la kufanya. Kwa hiyo hofu ya bintiyo isipuuzwe. Ipimwe kwa hesabu, na hesabu yenyewe nitaifanya hapa chini, kwa sababu kwa alama zake hatari ni ndogo kuliko anavyodhani.

Sasa tuelewane juu ya hilo neno "kusahihishwa upya," maana ndilo linalowapotosha watu. Wengi hudhani karatasi hupelekwa kwa mwalimu mwingine, anaisoma kana kwamba haijawahi kusomwa, anatoa alama zake, na zile za zamani zinafutwa. Sivyo.

Karatasi ya bintiyo ilipotoka shuleni ilipigwa picha kwa mashine. Katika masomo mengi picha hizo hukatwakatwa swali kwa swali na kugawiwa wasahihishaji mbalimbali wanaosahihisha kwenye kompyuta. Huenda karatasi yake moja imepita mikononi mwa watu sita au kumi wasiojuana, kila mmoja akiona vipande tu. Ndani ya kazi ya kila msahihishaji bodi huchomeka majibu ambayo wakuu wa usahihishaji wamekwisha kuyakubalia alama. Msahihishaji hajui ni yapi. Akiachana nayo mara kwa mara kupita kiasi kilichowekwa, anasimamishwa na kazi yake hupitiwa na mwingine.

Ukiomba ukaguzi, mtu mwingine aliyefundishwa kazi hiyo huiona karatasi pamoja na alama zilizokwisha kutolewa. Swali analojiuliza ni moja: alama hii ingeweza kutolewa na msahihishaji makini anayefuata mwongozo? Kama ingeweza, inabaki, hata kama yeye mwenyewe angetoa moja zaidi. Hubadilisha tu pale anapoona kosa la usahihishaji. Kanuni hii ililetwa na Ofqual, msimamizi wa mitihani wa Uingereza, mwaka 2016. Nia ilikuwa kuzuia wenye pesa wasinunue nafasi ya pili ya kusahihishwa huku wengine wakibaki na ile ya kwanza.

Wanaotazama mpira wataielewa haraka. Ni kama VAR. Mechi haichezwi upya, na refa aliye chumbani haingilii kwa kuwa yeye angepuliza tofauti. Anaingilia pale penye kosa la wazi. Mtu akiomba ukaguzi kwa sababu "amekosa alama tatu tu," ni sawa na kuomba penalti kwa sababu timu imefungwa bao moja. Kinachohitajika ni kosa, na kazi yenu wiki hii ni kutafuta kama lipo.

Huduma zenyewe ni chache. Ya kwanza, inayoonekana kwenye fomu kama Service 1, ni uhakiki wa kikarani. Hapa hakuna anayesoma jibu kwa kina. Wanahakikisha kila kurasa imesahihishwa, karatasi za ziada zimeambatanishwa, hesabu ya alama ni sahihi na kilichoandikwa kwenye matokeo ndicho kilichojumlishwa. Hujibiwa ndani ya siku 10. Bei yake ni ndogo, kama pauni 10 hadi 20 kwa karatasi kutegemea bodi. Zamani, enzi za kujumlisha kwa kalamu, huduma hii ilifukua mengi. Siku hizi kompyuta ndiyo inayojumlisha, kwa hiyo mara chache huleta kitu.

Ya pili, Service 2, ndiyo ukaguzi wa usahihishaji niliouelezea, na uhakiki wa kikarani umo ndani yake, hivyo usikubali kulipia vyote viwili. Hujibiwa ndani ya siku 20 na maombi hupokelewa hadi karibu mwisho wa Septemba. Kwa A-Level hesabu takriban pauni 50 hadi 65 kwa karatasi moja. Kwa GCSE, mtihani unaotangulia A-Level, ni pungufu kidogo. Kisha ipo ile ya haraka, Priority Service 2, kwa ajili ya wenye nafasi ya chuo inayoning'inia. Kazi ni ileile na mkaguzi ni yuleyule. Tofauti ni kwamba hujibiwa ndani ya siku 15, hufungwa mapema, na hugharimu takriban pauni 60 hadi 80. Kila bodi hutangaza bei yake ya mwaka, na baadhi ya shule huongeza ada ndogo ya kazi ya ofisi. Pauni 200 ulizotajiwa kwa karatasi tatu za haraka kwa hiyo si ulaghai. Ni bei ya kawaida.

Angalia hapo kwamba nimesema kwa karatasi, si kwa somo. Ndipo penye ufunguo wa swali lako.

Biolojia ya AQA ina karatasi tatu. Ya kwanza na ya pili zina alama 91 kila moja, ya tatu ina 78, jumla 260. Shule inao mgawanyo wa alama za bintiyo kwa kila karatasi. Uombeni. Tuseme, kwa mfano, ana 62, 60 na 51, ambazo zinafanya 173 zake. Kwa macho ya haraka utasema tuikague ya tatu, maana ndiyo dhaifu. Lakini karatasi ya tatu ina insha ya alama 25, ambayo mwanafunzi huchagua mada moja kati ya mbili. Insha hiyo husahihishwa kwa ngazi: msahihishaji huamua kwanza jibu liko ngazi ipi kati ya tano, kisha lipo wapi ndani ya ngazi hiyo. Wasahihishaji wawili makini wanaweza kuachana kwa alama kadhaa kwenye insha ileile na wote wakawa sawa. Kwa hiyo mkaguzi akikuta 14 ambapo yeye angetoa 16, ataiacha 14. Insha ndiyo sehemu inayowauma wanafunzi zaidi, na ndiyo sehemu ambayo ukaguzi huipatia kidogo kabisa, isipokuwa msahihishaji amekwenda kombo waziwazi.

Majibu mafupi ni habari nyingine. Swali la alama mbili au tatu lina hoja zilizoorodheshwa kwenye mwongozo: ukizitaja unapewa, usipozitaja hupewi. Hapo kosa likiwepo linaonekana, na mkaguzi hana pa kujificha.

Ndiyo maana nimesema muombe nakala kwanza. Bodi kadhaa siku hizi hutoa nakala hiyo bure, Pearson ikiwa mojawapo, na shule huipata mtandaoni bila kungoja posta. Kisha akae nayo mwalimu wa Biolojia pamoja na mwongozo wa usahihishaji, ambao walimu wanaweza kuupata kabla haujawekwa wazi kwa watu wote. Ni lazima awe mwalimu wa somo, na ikiwezekana yule ambaye huajiriwa na bodi kusahihisha wakati wa kiangazi, kwa sababu mzazi au mjomba mwenye shahada atasoma jibu na kusema "lakini hili ni sahihi!" Sahihi si kipimo. Kipimo ni kama linagusa hoja iliyomo kwenye mwongozo, kwa namna mwongozo unavyoikubali. Mwanafunzi anaweza kusema ukweli mtupu wa sayansi ambao haukuulizwa.

Anatafuta nini? Kwanza, majibu yaliyoandikwa nje ya nafasi iliyotolewa. Mwanafunzi akijaza mistari na kuendelea kwenye kurasa tupu ya nyuma, kipande hicho kinaweza kisifike kwa msahihishaji wa swali hilo, hasa kama hakuandika kwamba jibu linaendelea. Pili, hoja iliyomo kwenye mwongozo, imeandikwa, lakini haina alama. Tatu, hesabu ambayo jibu la mwisho limekosewa ila njia inastahili alama ya njia. Akimaliza aandike upande mmoja wa karatasi alama anazodhani zimekosekana, na upande wa pili, kwa uaminifu uleule, alama anazodhani zilitolewa kwa ukarimu. Mkaguzi ataziona zote mbili. Mwalimu akikuletea orodha yenye upande mmoja tu, mrudishie.

Nikupe mfano kutoka kazini. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye shule nisiyohitaji kuitaja, tulikuwa na kijana aliyekosa alama mbili katika Biolojia hiyohiyo. Baba yake alikwisha kuandika hundi ya karatasi zote tatu. Mwalimu alikaa na nakala jioni moja. Kwenye insha alitamani alama zaidi lakini hakuweza kuonyesha kosa. Karatasi ya kwanza ilikuwa safi, na kulikuwa na alama moja ya ukarimu ambayo hatukutaka iguswe. Kwenye ya pili alikuta swali la alama tatu ambalo kijana aliandika nusu kwenye mistari na nusu kwenye kurasa ya mwisho, na ile nusu ya pili haikuwa na dalili yoyote ya kusomwa. Tuliomba karatasi ya pili peke yake. Ilirudi na alama mbili juu, gredi ikageuka, ada ikarudi. Mwaka huohuo msichana mwingine alisisitiza insha yake ikaguliwe ingawa mwalimu alimshauri vinginevyo. Haikubadilika hata alama moja, na ada ilikwenda.

Turudi kwa bintiyo na hofu yake. Gredi haishuki kwa sababu alama imeshuka, inashuka kwa sababu alama imevuka mpaka wa chini. Yeye yuko juu kabisa ya B, alama tatu chini ya A. Angalia kwenye jedwali la mipaka la mwaka huu B inaanzia wapi. Kwa kawaida upana wa gredi moja katika somo hili ni alama zaidi ya ishirini. Ili aangukie C, mkaguzi angelazimika kumnyang'anya alama zote hizo kwenye karatasi moja mliyoomba, jambo ambalo sijaliona likitokea. Kinachoweza kutokea ni kwamba 173 inakuwa 172 au 171 na B inabaki B, na vyuo huangalia gredi. Mwambie hivyo, kwa namba. Angekuwa na alama moja tu juu ya mpaka wa B, huku akiota A iliyo mbali, ningemwambia asiguse kitu.

Hii pia inaeleza kwa nini walioshushwa gredi ni wachache katika takwimu ambazo Ofqual hutoa kila mwaka. Wanaoomba wengi wako kama yeye, chini kidogo ya mpaka wa juu. Katika takwimu hizo takriban ombi moja kati ya matano huishia na gredi kubadilika. Usiisome kama bahati nasibu ya moja kwa tano. Ndani yake wamo walioomba wakijua kosa liko wapi na walioomba kwa uchungu tu, na nafasi zao hazilingani.

Kuhusu pesa: gredi ya somo ikibadilika, bodi hairudishi lawama wala maswali, hurudisha ada. Lakini zikipanda alama mbili na gredi ikabaki B, ada hairudi, ingawa alama mpya ndiyo itakayowekwa kwenye rekodi. Ulizeni mapema kama ada ya ofisi ya shule nayo hurudi, maana hiyo haiko chini ya bodi. Na kama mwalimu hakuona kosa lolote kwenye karatasi zote tatu, ushauri wangu ni msilipe hata moja. Najua alama tatu zinauma kuliko thelathini. Lakini bila kosa, unanunua majibu ambayo tayari unayo.

Kuna jambo hukuniuliza. Hisabati nayo ni B. Kwa kuwa A ya Kemia ipo, A ya Hisabati ingetimiza A mbili na B moja sawasawa na ya Biolojia, ila kama ofa iliitaja Biolojia kwa jina. Someni ofa yenyewe neno kwa neno. Kisha muulize yuko umbali gani kutoka A ya Hisabati. Kama ni alama moja au mbili, nakala za Hisabati nazo ziombwe. Nikuonye tu kwamba Hisabati husahihishwa kwa hatua zilizopangwa vizuri, kwa hiyo makosa ni machache. Yanapokuwepo, huwa ni swali lililoendelea kurasa nyingine au hatua iliyofutwa kwa mstari mmoja na ikadhaniwa imefutwa kabisa.

Sasa ile simu ya chuo. Bintiyo apige mwenyewe, kwa sababu chuo hakitazungumza na mama kuhusu maombi ya mtu mzima isipokuwa yeye amekutaja rasmi kwenye UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vya Uingereza. Awe na namba yake ya UCAS mkononi. Aseme kwamba amekosa A kwa alama tatu, kwamba anafikiria kuomba ukaguzi wa haraka, na aulize: mkinipokea baada ya gredi kubadilika, itakuwa mwaka huu au mwaka ujao? Chuo hakilazimiki kumngoja. Baadhi hushikilia nafasi, baadhi husema nafasi za mwaka huu zimejaa na kutoa za mwaka unaofuata, na kozi kama ufamasia zina idadi iliyobana. Aulize pia tarehe yao ya mwisho ya kupokea matokeo mapya, kwa sababu tarehe ya kawaida ya kutimiza masharti ni 31 Agosti. Ombi likitumwa Jumanne, ukihesabu siku 15 unaangukia mwanzoni mwa Septemba. Mara nyingi majibu huja kabla, lakini usiweke nafasi ya chuo juu ya "mara nyingi." Apate jibu la chuo kwa barua pepe, si kwa mdomo tu.

Wakati huo wote asijitoe kwenye chuo cha pili. Nimeona vijana wakibonyeza kujitoa usiku wa matokeo kwa hasira, wakakuta asubuhi hawana cha kwanza wala cha pili. Akae nayo. Ukaguzi unaendelea bila kugusa nafasi hiyo. Na kama chuo cha kwanza kitajibu waziwazi kwamba hata akipata A hakina nafasi yoyote, ya mwaka huu wala ujao, basi hakuna haja ya kulipia haraka. Mnaweza kutumia huduma ya kawaida kwa bei nafuu na mwalimu akawa na wiki kadhaa za kusoma karatasi kwa utulivu.

Shule ikikataa kutuma ombi, na hutokea, hasa mwalimu anapoona hakuna kosa, bado mna haki. Kila kituo lazima kiwe na utaratibu wa ndani wa kupinga uamuzi huo, na lazima wawaonyeshe ukiuliza. Sababu zikiandikwa na mwanafunzi ametia saini, shule nyingi hutuma ombi kwa gharama ya familia. Ila utaratibu huo nao una tarehe, siku kadhaa kabla ya ile ya bodi. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda Jumatatu, na kwenda kwa miguu. Wiki hiyo simu ya ofisi ya mitihani hulia bila kupokewa, lakini mtu aliyesimama mlangoni huhudumiwa.

Matokeo ya ukaguzi yakirudi bila mabadiliko, hapo sasa ndipo neno la shemeji yako linapopata mahali pake. Shule inaweza kukata rufaa kwa bodi ndani ya siku 30, na lazima ionyeshe ama kwamba taratibu hazikufuatwa, ama kwamba bado kuna kosa la usahihishaji ambalo mkaguzi hakulirekebisha. Ada yake huzidi pauni 100, na hurudi rufaa ikishinda. Kabla ya hapo shule iombe maelezo ya mkaguzi, kwa nini alama imebaki vile. Maelezo hayo yakigusa hoja ya mwalimu na kuijibu, rufaa haina miguu. Yakiipita kando bila kuigusa, ipo. Juu ya bodi kuna Ofqual, ambao huangalia tu kama bodi imefuata kanuni zake. Wao hawasahihishi karatasi.

Kwa wasomaji wa Dar, Nairobi na Mombasa ambao watoto wao hufanya mitihani ya Cambridge International kwenye shule binafsi: mengi ya hapa yanawahusu. Ombi hupitia shule, kuna uhakiki wa kikarani na kuna ukaguzi wa usahihishaji, na gredi inaweza kushuka. Ada hupangwa na Cambridge na shule yako ndiyo inayokutoza, kwa hiyo bei za pauni nilizotaja juu si zenu. Uliza ya shule yako, na uulize kama imejumuisha nakala ya karatasi, kwa sababu huko huduma yenye nakala na isiyo na nakala ni vitu viwili tofauti na huombwa tangu mwanzo.

Jumatatu, basi, mkifika shuleni, ulizeni kwa mpangilio huu: alama za kila karatasi, nakala za tatu zote, nani wa idara ya Biolojia yupo wiki hii, na tarehe ya ndani ya kufunga maombi. Walimu wengi wako likizo katikati ya Agosti. Kama wa kwake yuko safarini, nakala inaweza kutumwa kwake kwa barua pepe na shule, na nimeshapokea majibu ya namna hiyo kutoka kwa mwalimu aliyekuwa ufukweni Ureno. Akikuta alama tatu zenye hoja kwenye karatasi moja, bintiyo atie saini kwa hiyo moja. Akizikuta zimetawanyika, moja kwenye ya kwanza na mbili kwenye ya pili, itabidi zote mbili zikaguliwe, na hapo ndipo mtakapoamua kama pauni 130 hivi zinalingana na nguvu ya ushahidi. Akikuta moja tu, haitoshi kufika 176.